Amana isiyo na shahidi: jinsi ya kutenganisha "wajibu" na "matokeo"

*Nafundisha falsafa ya maadili kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu wanazikariri vizuri fasili za maadili ya wajibu na maadili ya matokeo, lakini nikiwapa kisa cha kawaida hawawezi kusema kipi ni kipi. Je, istilahi ndizo zinazowapotosha? Na "wajibu" na "jukumu" ni kitu kimoja?*

Istilahi zina lawama kidogo, nitazifikia. Kosa kubwa ni kwamba wanafunzi hulikodolea macho tendo, ilhali tofauti haimo ndani ya tendo. Imo katika sababu inayotolewa: maadili ya wajibu hutaja kanuni inayomfunga mtu, maadili ya matokeo hutaja mema na mabaya yatakayotokea.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani na mtetezi mkuu wa maadili ya wajibu, katika kitabu chake cha 1785, ana mfano wa mwenye duka asiyempunja mnunuzi mgeni wa mambo: bei yake ni moja, hata mtoto akitumwa dukani analipa sawa na mtu mzima. Tendo ni jema, lakini bado hatujajua limetoka wapi. Huenda muuzaji anasema, "Natoza bei moja ili nisikimbiwe na wateja." Huenda anasema, "Natoza bei moja kwa sababu kumpunja mtu ni dhuluma." Kwa Kant, wa kwanza ametenda kulingana na wajibu, wa pili ametenda kutokana na wajibu. Ukiandika "kwa wajibu" pote pawili, mfano wote unapotea. Shikilia "kulingana na" na "kutokana na", usichoke kuyarudia.

Sasa, wanafunzi wakishaona "ili", hukimbilia kusema muuzaji wa kwanza ni mtu wa maadili ya matokeo. Hapana. Yeye anahesabu faida yake tu. Maadili ya matokeo, kwa namna mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham alivyoyajenga, yanamhesabu kila anayeguswa, na furaha ya mwenye duka haina uzito kuliko ya mtoto aliyetumwa sukari. Kwa hiyo "ili" ni dalili tu. Kipimo chenyewe ni "hata kama" pamoja na "-nge-", na lazima kitumiwe mahali pake. Ukiuliza "Ungefanya hivyo hata kama hakuna ambaye angejua?" unapima ubinafsi na woga, basi. Ukitaka kutenganisha wajibu na matokeo, acha tendo lilivyo, kisha badilisha jumla ya mema na mabaya yanayowapata watu wote.

Tukipime kwa kisa ambacho kila mtaa unakijua. Mtu anamwachia jirani yake, mama mmoja, shilingi 300,000 amtunzie. Hakuna maandishi wala shahidi. Mwenye pesa anafariki. Warithi wake wana uwezo na hawana habari ya pesa hizo. Mama yule ana mjukuu aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Anayepima kwa matokeo huanza kwa kuorodhesha njia zote zilizopo, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa kuwa huziona mbili tu: kurudisha au kula. Ipo ya tatu, kuwaeleza warithi na kuwaomba mkopo. Kisha kwa kila njia anauliza nani ataguswa, kwa kiasi gani, na kuna uwezekano gani wa jambo hilo kutokea. Kwa warithi, 300,000 hazibadilishi kitu kikubwa. Kwa mjukuu ni masomo. Lakini siri inaweza kufichuka, na ikifichuka mtaa mzima utaacha kuaminiana. Pengine njia ya tatu itashinda. Sasa badilisha hesabu: warithi wanajulikana kwa kuponda mali, hawakopeshi mtu, na siri haiwezi kufichuka kamwe. Jibu linaweza kugeuka. Kugeuka huko ndiko alama ya nadharia hii, wala si aibu kwake. Anayeishikilia atakwambia kwamba ni ukaidi kurudisha jibu lilelile wakati mambo yamebadilika. (Wapo wenzake wanaopima matokeo ya kanuni badala ya tendo mojamoja, nao hugeuka kwa shida zaidi.)

Kisa cha amana ya marehemu isiyo na ushahidi kimo kwa Kant pia, katika kitabu chake cha 1788. Yeye hatazami pochi ya mtu. Anachukua kanuni ya mtendaji na kuiandika kwa "kila": kila aliyeachiwa amana isiyoweza kuthibitishwa anaruhusiwa kuikana. Kanuni hiyo inajiua yenyewe, maana ingekuwa sheria ya wote, kusingekuwa na amana kabisa. Angalia vizuri hapa. Mwanafunzi ataandika, "Kant anaogopa watu watakosa imani," na atakuwa ameshamgeuza Kant kuwa mtu wa matokeo. Hoja si hasara itakayoingia. Hoja ni kwamba anayeikana amana anahitaji amana ziwepo ili apate cha kukana, na papo hapo anataka kanuni inayozifuta. Ni mgongano ndani ya kanuni yenyewe. Ndiyo maana warithi wakiwa matajiri, wafujaji au wakali, jibu linabaki palepale.

Tuje kwenye maneno. "Jukumu" ni kazi uliyokabidhiwa: unapewa, unagawiwa, unaweza kumwachia mwenzako zamu. "Wajibu" ni kinachokufunga, hakihamishiki. Mama yule anaweza kumpa mwanawe jukumu la kupeleka pesa kwa warithi, ila wajibu wa kuzirudisha unabaki kwake. "Faradhi" iache kwenye dini. Na ujue kwamba kwa wasomaji wa pwani hata "wajibu" lina harufu ya fikihi, ambamo katika madhehebu ya Shafii faradhi na wajibu kwa kawaida huwa na maana moja. Waeleze mapema kwamba wajibu wa Kant mtu anajiwekea kwa akili yake mwenyewe. "Lazima" ndilo la kuepuka zaidi, kwa sababu "lazima atakuwa amefika" si maadili hata kidogo. Tumia "inampasa".

"Matokeo" nalo lina mtego: darasani linaleta picha ya matokeo ya mtihani, jambo lililokwisha kutoka. Mtu anayeamua leo hana matokeo mkononi, ana makadirio. Andika "matokeo yanayotarajiwa" angalau mara ya kwanza. "Athari" siipendekezi, masikio ya wengi husikia madhara tu.

Jihadhari na methali pia. "Njia ya mwongo ni fupi" hutolewa kama mfano wa wajibu wa kusema kweli, ilhali inatisha kwa matokeo: utakamatwa. "Tenda wema nenda zako" inakaribia zaidi wajibu, kwani imekata kabisa hesabu ya malipo.

Kuhusu "deontolojia", jina la kigeni la maadili ya wajibu, ikiwa unalitumia: wasomaji wa Kongo na Burundi, kupitia Kifaransa, hulielewa kama kanuni za kazi za waandishi wa habari au madaktari. Na katika maandiko ya zamani liangalie mara mbili. Aliyelibuni ni Bentham yuleyule wa matokeo, na kitabu chake chenye jina hilo kilitoka 1834, miaka miwili baada ya kifo chake, kikiwa hakina uhusiano na wajibu wa Kant.