Kibao cha mteremko chenye 10%

"Wakubwa, barabara ya Kabale kwenda Kisoro nimepiga picha kibao cha pembetatu, ukingo mwekundu, ndani mlima mweusi unashuka kuelekea kulia na 10%. Nina Fuso yenye mzigo. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, huo ni mteremko mkali: kila mita 100 za mbele unashuka mita 10. Punguza mwendo ukiwa bado juu, uweke gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, maana katikati ya mteremko gia inaweza kukataa kuingia ukabaki na gari huru. Nyutro usiiguse kabisa.

Iache injini ishike gari, na breki ya ekzosi ikiwepo iwashe. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha mpaka upungue, kisha achia ili zipoe. Madereva wengi hukosea hapo: wanaegemeza mguu kwenye pedali ya breki njia nzima, breki zinachemka na kupoteza nguvu.

Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali inataka kukanyagwa zaidi kuliko mwanzo, simama mara moja penye nafasi, weka mawe kwenye magurudumu, subiri zipoe zenyewe. Usimwagie maji, dramu ya moto inaweza kupasuka.