Kabla ya kupokea kesi ya kwanza, uliza nani atakusimamia

Wanaotaka kuingia kwenye ushauri nasaha, saikolojia au ustawi wa jamii huuliza kwanza wasome nini. Shahada ya kwanza ya saikolojia hukupa nadharia na utafiti, lakini kwa kawaida haitoshi kukufanya mwanasaikolojia tiba. Lazima usonge mbele na ufanye mafunzo ya kliniki. Ustawi wa jamii utakupeleka mapema kwenye familia, shule na mahakama. Mshauri nasaha hukaa zaidi na mteja ana kwa ana. Njia zote tatu zinahitaji mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi, na kwangu huyo msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo.

Simaanishi bosi anayegawa kesi. Namaanisha mtaalamu mzoefu mnayekutana kwa ratiba na kupitia kazi yako, kwa sababu maumivu ya kazi hii mara nyingi huonekana kwenye vikao kabla mwenyewe hujayatambua.

Chukua mshauri mpya aliyepokea mfululizo wateja waliodhulumiwa utotoni. Ukimuuliza, yuko sawa. Lakini kumbukumbu alizoandika za vikao vyake zinaonyesha kwamba kila mteja anapokaribia kusimulia tukio, yeye huleta zoezi la kupumua. Zoezi hilo ni sahihi mteja akizidiwa. Hawa walikuwa watulivu, tayari kusema. Vikao vya dakika 50 vinaishia dakika ya 40. Msimamizi anamuuliza: "Hapo alipotaka kusema, wewe ulihisi nini?" Ndipo anapotaja kifua kubana, na ndoto za matukio ambayo hayakumpata yeye.

Mwanasaikolojia Charles Figley aliandika mwaka 1995 kuhusu kiwewe hiki kinachompata anayesikiliza. Usikichanganye na uchovu wa kazi aliouchunguza mwanasaikolojia mwingine, Christina Maslach, ambao hujengeka polepole: nguvu zinakwisha, wateja wanageuka mafaili tu, unaona hufanyi lolote la maana. Kiwewe cha msikilizaji kinaweza kuja ghafla, hata kwa kesi moja. Likizo pekee haiwezi kukiondoa ikiwa unarudi kwenye orodha ileile ya wateja.

Kwa mshauri wetu, msimamizi anasitisha kesi mpya za aina hiyo, kisha wanaandaa pamoja kikao kijacho: mteja akianza kusimulia, asikilizwe bila kuharakishwa. Kuhusu ndoto, anamshauri amwone mtaalamu mwingine, kwani msimamizi hapaswi kuwa mtibu wake.

Kwenye usaili, basi, uliza: Nitakutana na msimamizi mara ngapi? Peke yangu au kwa kikundi? Je, ndiye pia atakayeamua kama mkataba wangu utaendelea? Akiwa ndiye, jua kwamba wengi watamficha zile ndoto, na tafuta mapema msimamizi wa pili nje ya taasisi, mkikubaliana kabisa jinsi ya kulinda siri za wateja.