Kikapu cha shangazi na hesabu yake

Swali la wiki: "Kikapu cha ukindu kilichosukwa kwa mkono kikifika shilingi 30,000, wewe utanunua?"

Mimi si mnunuzi, ni mpwa wa msukaji. Shangazi yangu anasuka huku kwetu Tanga, mimi ndiye ninayembebea mzigo kwenda kuuza. Kwa hiyo nitasema inavyopaswa kuuzwa, na nianze kwa ukali: bei isishuke hata shilingi.

Jumamosi moja tulikodi meza kwenye soko la kazi za mikono. Akaja baba mmoja mstaarabu, shati limepigwa pasi. Akachukua kikapu cha maua mekundu, akakipindua, akatazama kitako, akavuta ukili, ule utepe uliosukwa, kwa kidole kuona kama mshono utaachia. Haukuachia. Akauliza, "Mama, si majani tu haya?" Shangazi akamjibu bila kuinua macho kwenye chane za ukindu alizokuwa akizilowesha: "Majani yapo ng'ambo ya mto, baba. Yale ni bure." Akacheka, na sisi tukacheka. Kisha akatoa 15,000. Jua lilikuwa linazama, nauli ya kurudi haijatimia. Shangazi akapokea, akamfungia kwenye gazeti, akamshukuru.

Kwenye gari nikapiga hesabu. Ukindu, rangi, kuni za kuichemshia na uzi wa kushonea ni 5,000. Vishikio vya ngozi kwa fundi viatu, 3,000. Kikapu kile kinakula ukili pima nne, na ukili wa maua haukimbii: pima moja ni saa mbili na nusu, maana kila chane ya rangi lazima iingie pahali pake, ukikosea unafumua. Hizo ni saa kumi. Kuchana na kutia rangi saa mbili, kushona ukili mpaka kikapu kisimame saa nne. Jumla saa 16, yaani siku mbili za kazi. Kibarua wa palizi hapa kijijini analipwa 8,000 kwa siku, na sioni kwa nini msukaji apate chini ya mpalilia. Vifaa 8,000, ujira 16,000: kikapu kimesimama kwa 24,000 kabla hakijatoka uani.

Meza na nauli siku ile vilikula 50,000. Tulipeleka vikapu 30, vikauzwa 20. Hapa wengi hugawanya kwa 30, na hapo ndipo pesa hupotelea, kwani kikapu kilichorudi nyumbani hakikulipia meza. Gawanya kwa 20, kila kilichouzwa kinabeba 2,500. Bei ya haki ni 26,500. Kwa ile 15,000, ukitoa vifaa na meza, shangazi alibaki na 4,500 kwa saa 16. Haifiki 300 kwa saa.

Niliondoka pale nimemkasirikia yule baba. Lakini duka la mjini la watalii lilitutendea nini? Linachukua asilimia 30 ya bei ya kuuzia. Ukiongeza asilimia 30 juu ya 24,000 unapata 31,200 na unadhani umemaliza. Duka likikata fungu lake, 9,360, unabaki na 21,840. Shangazi amesuka saa mbili na zaidi bure, na hakuna aliyemwomba punguzo. Unapaswa kugawa 24,000 kwa 0.7, upate kama 34,300. Sasa niambieni ni nani hapa Tanga atakinunua kwa bei hiyo, na kapu la plastiki lipo pale pale sokoni.

Kwa hiyo nabadilika kidogo. Ujira usiguswe, kikapu kiguswe. Cha maua kisukwe kwa oda tu, na anayetaka alipe. Cha sokoni kisukwe cheupe: rangi inaondoka, kuchemsha kunaondoka, ukili unakwenda mbio zaidi, na vishikio anavisokota mwenyewe kwa ukindu. Nimehesabu naye, kinasimama kwa 18,000. Weka meza, uza 20,500.

Na jioni, vikibaki, nitamwacha ashuke mpaka 18,000, japo nilianza kwa kusema isishuke hata shilingi. Pesa ya meza imeshalipwa, kikapu kiuzwe au kirudi. Chini ya hapo analipa yeye. Ila kama wajukuu wanangoja unga nyumbani, sitasimama mbele yake na kalamu yangu. Nitaandika tu kwenye daftari kwamba hicho kilikwenda kwa hasara, ili keshokutwa tusije tukaiita hasara hiyo bei.