Faru akiinamisha kichwa, usikimbilie kumwita mweupe

Juzi dada mmoja anayesoma makala zangu alinitumia picha aliyopiga Hifadhi ya Ziwa Nakuru. “Shikamoo kaka. Tumebishana ndani ya gari mpaka tukanuniana. Mimi nasema huyu ni faru mweusi, wenzangu wanasema mweupe kwa sababu ameinama anakula majani ya chini, halafu mwili wote umepauka. Naomba utuamulie.”

Nilifurahi sana kuulizwa, maana jambo hili linanigusa. Miaka ya nyuma nilimpiga picha faru mweusi ndani ya kreta ya Ngorongoro, ameinama kwenye nyasi fupi na vumbi limemjaa mgongoni. Jarida moja likaichukua picha, nikaandika maelezo yake mwenyewe, na ilipochapwa nikakuta mtu wa ofisini amebadilisha: “faru mweupe”. Niliwapigia simu nikawaeleza kwamba wakati ule Ngorongoro hakukuwa na faru mweupe, wote walikuwa weusi. Nikajibiwa kwamba picha inaonekana wazi ni mweupe, tazama rangi, tazama alivyoinama. Hawakusahihisha. Jina langu liko chini ya picha ile mpaka leo, na bado linaniuma.

Kwa hiyo tuanze na rangi ili tuachane nayo. Faru wote wawili ni wa kijivu. Wanagaagaa kwenye matope, na tope likikauka ngozi inachukua rangi ya udongo wa mahali hapo. Usitumie rangi hata kidogo, hata kama picha ni nzuri kiasi gani.

Turudi kwa dada yetu. Picha yake ilikuwa ya ubavuni, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Mdomo ulikuwa umezama kwenye nyasi, hauonekani. Wengi wakifika hapo wanakata tamaa, kwa sababu wamefundishwa mdomo tu: mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, anaoutumia kama kidole kuvuta matawi na majani, mweupe ana mdomo mpana ulionyooka mbele, wa kukata nyasi. Ni kweli kabisa. Faru hawa wa Afrika hawana meno ya mbele, kwa hiyo mdomo ndio unaoshika chakula, na umbo lake linafuata chakula chenyewe. Lakini mdomo ndio sehemu inayojificha haraka kuliko zote. Na faru mweusi akikutazama uso kwa uso, ile ncha inakuja moja kwa moja kwenye lenzi, nawe unaona pua butu tu.

Wenzake walishika hoja ya kichwa. Mweupe ana kichwa kirefu na kizito, anatembea nacho chini karibu na ardhi, na hata akishtuka hakiinui sana. Mweusi ana kichwa kifupi zaidi na anakibeba juu, akisikia kitu anakiinua na kukuelekezea pua. Ila kichwa kinazungumza vizuri mnyama akiwa anatembea au amesimama anasikiliza. Akila au akinywa maji, kila faru anainama. Na faru mweusi hali vichaka peke yake. Mahali penye vichaka vichache, kama ndani ya kreta ya Ngorongoro, anatafuta mimea midogo iliyojificha kwenye nyasi, na kwa mbali utaapa kwamba anakula nyasi. Jarida lile lilikwama papo hapo.

Mimi nilianza na mgongo. Niliivuta picha karibu, nikafuata mstari wa juu wa mwili kuanzia nyuma ya masikio mpaka mkiani. Faru mweupe ana nundu kubwa ya misuli nyuma ya shingo, mbele ya mabega, kwa sababu kuna kichwa kizito cha kushikilia. Baada ya nundu mstari unashuka, unapanda tena kuelekea katikati ya mgongo na nyonga. Kwa hiyo jicho lako linapita kilima, bonde, kilima. Kwa faru mweusi shingo inaingia mabegani bila nundu, kisha mgongo unabonyea mara moja tu kati ya mabega na nyonga. Katika picha ya dada shingo ilikuwa laini, na bonde lilikuwa moja. Nikaanza kumpa haki.

Hapo kuna tahadhari. Mweupe akiinama sana, shingo inanyooka na nundu inapungua. Akiinua kichwa ndipo inasimama vizuri. Kwa hiyo kukosa nundu kwenye faru aliyeinama ni dalili, si hukumu. Ndama wa faru mweupe naye bado hajaota nundu ya maana, hivyo mtazame mama yake kwanza. Na ukipiga kutoka mbele au ukiwa juu sana, mstari wa mgongo unapotea wote. Nimeshasema na nasema tena: subiri ubavu. Mwombe dereva asogee kidogo au azime gari mngoje, mnyama atageuka mwenyewe.

Kisha nikaenda masikioni. Ya mweupe ni marefu, chini yamejikunja kama mrija, na juu yanamalizikia kwa ncha. Ya mweusi ni mafupi, mapana kwa kadiri yake, na ukingo wa juu ni wa mviringo. Nywele za ukingoni zisikubabaishe, wote wanazo. Sikio la kushoto la faru wa dada lilikuwa na pengo la umbo la V karibu na ncha, na mwenzake mmoja alidai hilo ndilo lililolifanya lionekane la duara. Hoja nzuri. Mapengo ya namna hiyo mara nyingi hukatwa na watu wa hifadhi wenyewe ili kumtambua kila mnyama, na yanaharibu kweli umbo la sikio. Nikahamia sikio la kulia, lililokuwa zima. Fupi, na juu limeviringika.

Alama mbili zilikuwa zimekubaliana. Hata hivyo nilimwuliza kama ana picha nyingine za dakika ile ile, kwa kuwa Nakuru wanaishi faru wa aina zote mbili na mahali peke yake hapakutusaidia. Alikuwa nazo, alipiga mfululizo, na hongera kwake. Katika moja, faru ameinua kichwa upande, kijitawi chenye majani kimening’inia mdomoni, na ncha ya mdomo wa juu imekizungushia. Faru mweusi. Wale waliobisha wamuombe radhi.

Ndugu zangu mnaobeba kamera, pigeni mfululizo na msiishie kwenye picha moja ya pembe. Pembe haiwatenganishi hawa, wote wana mbili, na hifadhi nyingine huzikata ili kuwakatisha tamaa majangili. Na kwa sababu ya majangili hao hao, futeni taarifa za mahali kwenye picha kabla ya kuirusha mtandaoni. Simu huandika zilipopigwa, na mtu mbaya anajua kusoma.

Dada alinitumia na ya pili: faru anaondoka, matako tu, masikio yamelazwa, nyasi zimefika tumboni. Akataka jina la huyo pia. Nilimwambia aandike “faru” aishie hapo.