Hadithi yangu ni mfululizo mmoja, nikate sura wapi na nyota tatu niziweke wapi?

Swali: Shikamoo mhariri. Niko Kigoma, hapa Mwanga. Nina hadithi ya maneno kama 6,400, nimeiandika moja kwa moja bila kituo. Zawadi wa Katonga anamfuata Mrisho Tabora kumdai hela ya dagaa, kumbe hela alishapokea kaka yake Issa. Nimeambiwa niigawe sura zenye vichwa. Nikate wapi? Na zile nyota tatu za kutenganisha vipande ndani ya sura zinakaa wapi? Vichwa nilivyofikiria ni Mwanzo wa Deni, Safari ya Huzuni, Ukweli Wafichuka, Usaliti wa Kaka. Nimekutumia yote uisome.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma yote, na kabla hujagusa kitu fungua faili lako ulisevu kwa jina jingine, ile ya mwanzo iache ilivyo, kwa sababu tutafuta aya nzima nzima na kuna siku utataka kuangalia kilikuwepo nini.

Sasa shika kalamu au rangi ya kwenye Word, pitia hadithi na uweke alama kila mahali inaporuka. Kuruka maana yake mahali pamebadilika, au muda umepita, au tumehama kwa mtu mwingine. Kwako nimeona mruko nane. Watu wengi wakishaona mruko wanadhani hapo ndo sura mpya, na hapo ndo hadithi fupi inapogeuka vipande vipande visivyo na uzito. Mruko peke yake haukupi sura. Kinachokupa sura ni msomaji kubadilisha anachokitafuta. Kwaiyo kila kipande kilicho kati ya mruko na mruko kiandikie pembeni sentensi moja tu: hapa msomaji anasubiri kujua nini? Kama vipande viwili vinasubiri kitu kilekile, hiyo ni sura moja, mruko uliopo katikati unatosha nyota tatu au hata hautaki kitu. Kama anachosubiri kimebadilika, hapo kata sura.

Tufanye kwa hadithi yako. Mwanzoni Katonga, mitumbwi inarudi asubuhi, Zawadi anahesabu magunia, Mrisho hapokei simu, jioni mama anamwambia afunge safari. Hapo kuna mruko miwili, ila muda wote tunasubiri kitu kimoja: hela atalipwa au hatalipwa? Basi hiyo yote ni sura ya kwanza. Akiwa kwenye treni, pale Uvinza anapanda yule bibi mwenye mfuko wa chumvi, anamwambia Zawadi, "Mrisho namjua, hajawahi kula hela ya mtu." Unaona kilichotokea? Sasa hivi hatuulizi tena kama atalipwa, tunauliza kama Mrisho ni mwizi kweli. Hiyo ni sura ya pili. Tabora sokoni Mrisho anafungua daftari, kuna sahihi ya Issa, swali la Mrisho linajibiwa palepale na linazaliwa la Issa, amezipeleka wapi hela za mama yake? Sura ya tatu inaishia hapo, ya nne ni Katonga tena. Kwaiyo una sura nne, basi. Mruko nane, mitatu imekuwa mipaka ya sura, mitatu inapata nyota, na miwili iliyobaki iache na neno lako hilohilo la "Jioni" au "Walipofika nyumbani", inajitosheleza. Sura hazitakuwa sawa kwa urefu, ya treni ni fupi sana ukilinganisha na ya kwanza, usihangaike kuzilinganisha.

Ila kukata ndo sehemu rahisi. Kazi ipo kwenye kushona pale ulipokata, na hapa nataka ukae sana, kwa sababu hadithi ikiandikwa mfululizo kwa Kiswahili inatembea kwa -ka-. Akaamka, akaenda, akamkuta. Hiyo -ka- inaegemea kitendo kilichotangulia, ndo maana inakwenda mbio vizuri. Ukikata katikati na kichwa kipya, yale maneno yanabaki hayana pa kuegemea. Angalia chako mwenyewe, mwisho wa sehemu ya Tabora umeandika hivi:

"Zawadi akarudisha daftari mezani. Akatoka nje, akatembea mpaka stesheni akilia, akakata tiketi, usiku akapanda treni, hakulala, akafika Kigoma kesho yake, akaenda moja kwa moja Katonga akamkuta anashona nyavu, akamuuliza hela ziko wapi."

Ukiweka kichwa cha sura ya nne kabla ya "akafika Kigoma", sura inaanza na akafika, nani akafika? Msomaji anarudi nyuma kutafuta. Halafu kuna "akamkuta", amemkuta nani, jina la Issa liko ukurasa wa nyuma huko. Wakati inasomeka mfululizo halikuwa kosa, limekuwa kosa baada ya kukata. Kwaiyo baada ya kila mpaka, iwe sura au nyota, kitenzi cha kwanza kirudishe kwenye -li- au "alikuwa ana-", na mtu umtaje kwa jina, halafu ndani ya sentensi mbili za kwanza tujue tuko wapi na ni lini. Baada ya hapo -ka- iachie iendelee na mbio zake. Mimi ningefanya hivi: sura ya tatu inaisha kwenye "Zawadi akarudisha daftari mezani", nukta. Safari yote ya kurudi futa. Kwenda kulikuwa na bibi wa chumvi, kurudi hakuna kipya, kilio cha njiani msomaji atakijaza mwenyewe kwenye ile nafasi nyeupe, na ndo faida kubwa ya kugawa, nafasi inabeba kilichokuwa kinabebwa na aya tatu. Halafu sura ya nne:

"Mbalamwezi ilikuwa imeingia na mitumbwi yote ya Katonga ilikuwa imelala mchangani. Issa alikuwa amekaa kwenye gogo anashona nyavu, Zawadi alipotua begi lake mbele yake. Hakumsalimia. Akamuuliza hela ziko wapi."

Mwezi hapo haujakaa kwa urembo. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti vizuri na watu wanapumzika, kwaiyo msomaji wa ziwani akisoma tu mbalamwezi anajua siku zimepita tangu sura ya kwanza na anajua kwanini Issa yuko nchi kavu na nyavu mikononi. Sentensi moja imekupa lini na wapi bila kuandika "baada ya siku kadhaa". Ila hakikisha sura ya kwanza umetaja giza, saivi haupo huo mstari, ongeza. Na angalia kitu kingine, mahesabu ya siku. Ukishakata, makosa ya muda yanaonekana wazi, kama mitumbwi ilikuwa kazini Zawadi anaondoka na akirudi ni mwezi mkubwa, basi Tabora amekaa zaidi ya siku mbili ulizoandika. Mwongezee siku za kumtafuta Mrisho, hapo hapo sokoni unapata mahali pazuri pa nyota moja.

Nyota sasa. Kuna wanaoacha mstari mtupu tu, mimi sipendi, kwa sababu mstari mtupu ukiangukia mwisho wa ukurasa hauonekani kabisa, na ukikopi kuipeleka WhatsApp au kwingine, mistari mitupu inachanganyika na ya aya za kawaida. Weka nyota tatu katikati ya mstari wake. Kwenye Word ukiandika nyota tatu ukabonyeza Enter inageuka mstari wa vidoti ukurasa mzima, ikifanya hivyo bonyeza Ctrl+Z mara moja nyota zinarudi, halafu Ctrl+E ziende katikati. Jaribio la nyota ni hili: itoe, usome. Kama hujapotea, haikuwa na kazi. Kwenye sura ya treni ulitaka kuweka nyota kila stesheni, Kazuramimba, Uvinza, Nguruka, Kaliua, hapana. Treni inatembea, mazungumzo na bibi ni yaleyale, hakuna kilichokatika. Iweke Kaliua tu, pale Zawadi anapoamka bibi ameshashuka.

Vichwa vya sura usiviandike kwa kukoleza herufi na kuongeza saizi kwa mkono. Bofya kwenye mstari wa kichwa uchague Heading 1 au Ctrl+Alt+1, utaviona vyote pembeni ukifungua Navigation Pane, na ukibadili mawazo unakiburuta kichwa pale pembeni sura nzima inahama nacho. Hadithi ya urefu huu haihitaji kila sura ianze ukurasa mpya, nafasi kidogo juu ya kichwa inatosha.

Kuhusu majina yenyewe, hapo nitakuwa mkali kidogo. "Usaliti wa Kaka" ukikiweka juu ya sura ya nne, mtu akifungua tu akapitisha macho vichwani ameshajua yote, na wasomaji wa simu ndo wanavyofanya, wanashuka kwanza kuona hadithi ina urefu gani. "Safari ya Huzuni" na "Ukweli Wafichuka" vinamwambia msomaji ajisikieje kabla hujampa sababu, tena vingekaa kwenye hadithi ya mtu yeyote. Chukua kitu kinachoshikika kilichomo ndani ya sura. Mimi naona "Magunia Sita", "Chumvi ya Uvinza", "Daftari", "Mbalamwezi". Daftari hakisemi kitu kabla hujasoma, ukimaliza sura kinauma. Na vyote vinne ni majina ya vitu, mtindo mmoja, usichanganye vitatu vya hivi na kimoja cha sentensi ndefu.

Ukimaliza, mtafute mtu ambaye hajaisoma, msomee aya ya kwanza tu ya kila sura, ukitulia kati ya moja na nyingine. Akiuliza "huyo nani?" au "hapo wako wapi?" rudi kwenye mshono huo. Akiuliza "kwani alifanya nini hizo hela?" achana naye, endelea kusoma.