Kufuatilia maombi ya kazi uliyoyatuma kwa ujumbe wa LinkedIn

Wadogo zangu wa Unguja na Pemba mnaoanza kutafuta kazi, nayaandika haya kutokana na miaka 11 niliyokaa upande wa kupokea maombi, katika ofisi za uajiri za hoteli za pwani ya Unguja. Siku hizi vijana wengi huniandikia LinkedIn kabla ya kuleta barua ofisini, na ninaokutana nao ana kwa ana huniuliza jambo moja: nimemwandikia mkuu wa uajiri, siku zimepita, kimya, je, nimwandikie tena au nitaonekana msumbufu? Jawabu langu ni kwamba umwandikie tena, lakini kwanza ujue ujumbe wako wa mwanzo umelala wapi, kwa sababu mara nyingi kimya hicho hakihusiani na sifa zako hata kidogo.

Kama hamjaunganishwa na yule uliyemwandikia, kwa kawaida ulichomtumia ni ombi la kuunganishwa lenye maneno machache tu. Maneno hayo yana kikomo kifupi cha herufi, na hayakubali kuambatisha faili. Vijana wengi huamini wametuma maombi, kumbe wasifu wao haujatoka kwenye simu zao. Ombi hilo hukaa katika orodha ya mialiko, pamoja na mialiko ya wauza bima na wauza mitambo ya maji, mpaka mwenyewe aikubali. Ukiona jina lake bado lina neno `Pending`, hujaomba kazi. Wala usilifute ombi hilo kwa haraka ukidhani utalituma upya kesho, kwani ukishaliondoa huenda ukazuiwa kumwalika tena mtu yule yule kwa muda wa hadi wiki 3.

Kama mmeunganishwa, ujumbe umefika, lakini kufika si kusomwa. Akaunti nyingi zina kisanduku kilichogawanywa sehemu mbili, `Focused` na `Other`, na ni mtandao wenyewe unaoamua ujumbe gani uende wapi. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua sehemu ya `Other` mwezi wa Agosti nikakuta maombi ya kijana aliyeniandikia Mei, mwenye uzoefu wa miaka miwili wa mapokezi na Kiitaliano cha kuzungumza, katika msimu ambao tulihangaika kutafuta mtu wa namna hiyo hasa. Aliandika mara moja tu, akanyamaza. Nilipompigia alikuwa amekwishaajiriwa kwengine. Jambo lile liliniuma, na ndilo lililonifanya niwe nawahimiza vijana wafuatilie.

Picha ndogo ya mwenzako inayojitokeza chini ya ujumbe huonesha kwamba ameusoma. Hata hivyo alama hiyo hufanya kazi pale tu ambapo nyote wawili mmeiruhusu katika mipangilio, na maofisa wengi wa uajiri wameizima. Kwa hiyo ukiiona, amini kwamba umesomwa. Usipoiona, usihukumu chochote.

Sasa nije kwenye maandishi yenyewe, na nitumie mfano wa binti mmoja wa Wete aliyenijia kwa ushauri. Aliomba nafasi ya karani wa mapato katika hoteli moja ya Nungwi, kwa kumwandikia moja kwa moja mkuu wa uajiri ambaye tayari alikuwa amekubali kuunganishwa naye. Ujumbe wake wa mwanzo, wa tarehe 4 Mei, ulisema: "Assalaam alaykum, natumai hujambo na unaendelea vyema na majukumu yako, naomba kazi, wasifu wangu huu hapa." Siku ya tatu akaandika "Habari." Siku ya tano akatuma alama ya kuuliza peke yake. Akanionesha simu akiwa amekata tamaa.

Nilimwomba atazame ile orodha ya mazungumzo kama anayoiona mpokeaji. Katika orodha ile, kila mtu huonekana kwa jina, picha na maneno machache ya mwanzo wa ujumbe wake wa mwisho. Kwa mkuu yule, binti huyu alikuwa ni jina geni lenye alama ya kuuliza mbele yake. Maombi halisi yalikuwa juu, yamefunikwa na ujumbe mbili zisizobeba kitu, na hata mtu akiyafikia hakuti humo jina la nafasi. Hoteli huwa na nafasi nne au tano wazi kwa wakati mmoja, hasa Mei, kwa sababu hoteli nyingi za pwani hupunguza kazi au hufunga kipindi cha mvua za masika kisha hukusanya watu kabla ya wageni wa Juni na Julai. Anayepokea hawezi kukisia unaomba ipi.

Ndiyo sababu ujumbe wa kufuatilia lazima usimame peke yake, kana kwamba ule wa mwanzo haukuwahi kuandikwa. Tuliuandika hivi, ila jina la mpokeaji nimelitoa hapa:

"Assalaam alaykum Bibi. Nafuatilia maombi ya karani wa mapato, Nungwi, niliyokuletea hapa tarehe 4 Mei, kabla ya siku ya mwisho ya tarehe 8. Nina diploma ya uhasibu, na katika mafunzo ya vitendo ya miezi 6 hotelini nilikuwa nikilinganisha hati za mgahawa na malipo ya mapokezi kila asubuhi. Wasifu nimeuambatisha tena. Naomba kujua: maombi haya yanatosha hapa, au niyapeleke kwa barua pepe ya ofisi? Nipo Pemba, naweza kufika Unguja nikiarifiwa siku moja kabla. Ahsante kwa muda wako, na Mwenyezi Mungu akujaalie kheri."

Angalieni salamu. Sisi tumelelewa kutomkabili mtu na haja kabla ya kumjulia hali, na adabu hiyo siwaambii muiache. Lakini salamu ndefu inakula yale maneno machache yanayoonekana katika orodha, na mpokeaji haoni kilichokuleta. Toa salaam fupi, taja nafasi papo hapo, na dua iweke mwisho, ambako haimzuii mtu kuona haja yako. Muite Bwana au Bibi, kwa jina lake kama lilivyoandikwa. "Boss" na "mkuu" ziacheni, kwani humfanya mtu ahisi kwamba ujumbe huo huo umepelekwa kwa watu ishirini.

Angalieni pia swali. "Naomba unifikirie" si swali, na anayelisoma hana la kujibu isipokuwa ahadi asiyoweza kuitoa. "Niyapeleke kwa barua pepe ya ofisi?" hujibika kwa neno moja, tena linagusa kikwazo cha kweli ambacho nyinyi hamkioni. Hoteli nyingi huhifadhi maombi katika barua pepe maalumu au daftari la maombi, ambamo mkuu wa idara husika huchagua wa kuitwa. Wasifu uliomo ndani ya mazungumzo ya mtu binafsi haumfikii mkuu wa uhasibu mpaka yule aliyeupokea aupakue na kuupeleka. Akiwa na kazi nyingi, hilo ndilo analoliahirisha. Kwa sababu hiyo faili nalo lilibadilishwa jina: lilikuwa `CV mpya final 2.pdf`, likawa na jina lake kamili na jina la nafasi. Faili likishapakuliwa linakaa pamoja na mengine mengi, na lisilo na jina la mtu halipatikani tena.

Kabla ya kubonyeza kutuma, soma kwa sauti jina la hoteli na jina la mtu. Ukikosea, LinkedIn inakupa dakika 60 za kurekebisha ujumbe au kuufuta. Baada ya hapo kosa linabaki. Nimewahi kupokea maombi mazuri yaliyosifu hoteli ya jirani.

Kuhusu wakati, hesabuni kuanzia siku ya mwisho ya kupokea maombi, si siku mliyotuma. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyechaguliwa, na anayeulizwa hana cha kusema. Mimi hushauri kusubiri siku 5 hadi 7 za kazi baada ya tarehe hiyo. Kama tangazo halikutaja tarehe, subirini wiki mbili. Chagueni asubuhi ya Jumanne au Jumatano. Ijumaa kwetu watu wanajiandaa na sala tangu saa tano, na ujumbe wa mchana huo hukutwa Jumatatu ukiwa chini ya mingine. Epukeni pia siku za mwisho wa mwezi, kwani katika hoteli nyingi mtu anayeshughulikia uajiri ndiye huyo huyo anayetayarisha mishahara. Katika Ramadhani ongezeni siku, maana saa za kazi hupungua.

Binti yule alituma ujumbe wake tarehe 19 Mei, saa tatu na nusu asubuhi. Tulikubaliana kwamba huo ndio wa mwisho kwa njia hiyo. Ukimya ukiendelea kwa wiki nyengine, hatua inayofuata ni barua pepe ya ofisi au kwenda mwenyewe na bahasha mpaka kwa mlinzi wa geti la wafanyakazi, si ujumbe wa tatu; mtu asiyejibu mara mbili mahali pamoja hatajibu kwa kuandikiwa zaidi mahali hapo hapo. Kwa kazi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar msitegemee njia hii kabisa: maombi hupokelewa kwa utaratibu uliotajwa kwenye tangazo, na ujumbe kwa ofisa unayemfahamu hauhesabiwi kuwa ni maombi.

Na kuna jibu moja la kuogopwa kuliko kimya. Ukifuatilia, kisha ukajibiwa haraka kwamba umepata kazi bila usaili, na utume fedha za fomu, za sare au za vipimo vya afya kwa nambari ya simu, huyo si mwajiri. Usimpe fedha, wala picha ya Kitambulisho cha Mzanzibari. Piga simu ya mapokezi ya hoteli, uipate kutoka tovuti ya hoteli yenyewe, uulize kama mtu huyo yupo.

Jawabu la binti wa Wete lilikuja kesho yake, mistari miwili: apeleke kwa barua pepe ya ofisi, aandike jina la nafasi kwenye kichwa cha barua. Alipeleka ndani ya saa moja, kisha akarudi LinkedIn kuandika, "Nimekwishapeleka, Bibi, saa tano na robo. Ahsante." Alhamisi alipigiwa simu aje kwenye usaili Jumatatu saa tatu asubuhi, na kwa kuwa alikuwa ameeleza mapema kwamba anatoka Pemba, aliulizwa kama anahitaji muda wa kushuka kwenye boti. Aliomba saa nane mchana, akapewa.