Chemsha kwanza, ndipo ulaumu kidonge

Kuna lawama ninayoisikia mara kwa mara hapa Mtwara, hasa msimu wa mabibo, watu wanapokunywa uraka na kifua kikaanza kuwaka: eti vidonge vya kiungulia vya siku hizi vimepunguzwa dawa. Wanafunzi wangu wa kemia wa kidato cha tano na cha sita huibeba lawama hiyo hadi maabara. Wanakuja na pakiti waliyonunua duka la dawa, wanataka kupima wenyewe. Ninawaruhusu kila mara, kwa sababu swali lao lina jibu la namba. Lakini nimeona pia jinsi kidonge kizima kabisa kinavyoweza kuhukumiwa kimakosa na mtu mwenye bureti mkononi. Ukitaka kupima, yafuatayo ndiyo ningependa uyajue kabla hujamtuhumu mwenye duka.

Nachukua kidonge cha kutafuna ambacho karatasi yake inasema kina miligramu 500 za kalsiamu kaboneti. Ndicho rahisi kuanza nacho, kwa kuwa kazi yake inaandikika kwa mstari mmoja:

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Moli moja ya kaboneti inamaliza moli mbili za asidi. Miligramu 500 ni milimoli 5, kwa hiyo kidonge kisicho na kasoro kinatakiwa kumaliza milimoli 10 za asidi ya haidrokloriki, asidi ileile iliyomo tumboni.

Wengi hufikiria kuweka unga wa kidonge kwenye flaski na kudondoshea asidi kutoka bureti mpaka rangi ibadilike. Haifai. Kalsiamu kaboneti haiyeyuki kwenye maji, inaliwa na asidi polepole punje kwa punje. Rangi inabadilika, unafurahi, baada ya dakika moja punje nyingine imeyeyuka na rangi imerudi ilikotoka. Hutajua kikomo kiko wapi. Ndiyo maana tunatumia titresheni ya kurudi: unakipa kidonge asidi nyingi kuliko inayohitajika, kiasi unachokijua barabara, unakiacha kimalize kazi yake chote, kisha unapima asidi iliyobaki kwa sodiamu haidroksaidi. Ni kama kumtuma mtoto Soko Kuu na noti ya elfu kumi. Huna haja ya kumfuata kila kibanda, unahesabu chenji aliyorudi nayo.

Sasa vipimo. Pima vidonge kumi kwa pamoja, maana kidonge kimoja kinaweza kuzidi au kupungua kidogo kiwandani. Tuseme kumi vina gramu 13.20, wastani wa kimoja ni gramu 1.320. (Usishangae kuona uzito umepita sana miligramu 500. Sehemu kubwa ya kidonge ni sukari, wanga, ladha na rangi.) Visage vyote kwenye kinu cha maabara mpaka viwe unga laini, uchanganye vizuri, kisha pima gramu 3.30, yaani unga wa vidonge viwili na nusu.

Kwa nini gramu 3.30 na si robo ya kidonge, kama vitabu vingine vinavyoshauri? Kwa sababu ya mizani zetu. Mizani nyingi za shule husoma hadi gramu 0.01. Ukipima gramu 0.33, kosa la tarakimu moja ya mwisho ni asilimia 3 ya jibu lako, sawa na miligramu 15 kwa kila kidonge. Ukipima gramu 3.30, kosa hilohilo linashuka hadi asilimia 0.3. Huhitaji mizani mpya, unahitaji unga mwingi zaidi.

Mimina unga kwenye bika kubwa, ulowanishe na maji kidogo yaliyokenekwa, kisha ongeza kwa pipeti mililita 50.0 za asidi ya haidrokloriki ya moli 1.00 kwa lita. Iingize taratibu huku unatikisa, kwa kuwa povu litapanda, na tone lililoruka nje ya bika ni asidi uliyoipoteza bila kuihesabu. Vaa miwani. Hapo umeweka milimoli 50.0 za asidi, na unga ukiwa kamili utakula 25, zibaki 25. Nguvu ya asidi yenyewe iwe imehakikiwa kwanza dhidi ya sodiamu kaboneti kavu, usitegemee lebo ya chupa iliyokaa kabatini tangu mwaka juzi.

Povu likitulia, ongeza maji yafike kama mililita 100, funika bika kwa kioo cha saa, weka motoni, lichemke kwa upole kwa dakika tano hivi. Hapa ndipo watu wengi huruka. Wanaona povu limekwisha, unga umeyeyuka, wanadhani hakuna tena cha kusubiri.

Lakini gesi ya kaboni dayoksaidi haikuondoka yote. Sehemu yake imebaki ndani ya maji, haionekani, na ndani ya maji hiyo ni asidi dhaifu. Ukianza kudondosha sodiamu haidroksaidi ukiwa na kiashiria cha fenolftalini, haidroksaidi itamaliza asidi iliyobaki, kisha itaendelea kuila na hiyo gesi kabla ya rangi ya waridi kutokea. Bureti itasoma juu kuliko ilivyo kweli. Utadhani asidi iliyobaki ni nyingi, kwa hiyo utasema kidonge kilimaliza kidogo. Angalia upande kosa linakoelekea: daima linakifanya kidonge kionekane dhaifu, yaani linathibitisha lawama uliyokuja nayo.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniita, "Mwalimu, mbona waridi inakuja halafu inakimbia?" Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Rangi inayotokea na kufifia ndani ya sekunde chache, tena na tena, mililita baada ya mililita, inakuambia kwamba gesi bado imo. Kwenye myeyuko uliochemshwa vizuri tone moja linageuza flaski yote, na waridi hafifu inakaa angalau nusu dakika. Ikififia baadaye sana usijali, hiyo ni kaboni dayoksaidi ya hewani inayoingia flaskini, nawe umeshasoma bureti.

Baada ya kuchemsha, acha ipoe kabisa mpaka joto la chumba. Mchana wa Januari hapa kwetu hilo linachukua muda, weka bika kwenye beseni la maji. Kisha hamishia yote kwenye chupa ya ujazo ya mililita 250, suuza bika mara kadhaa na masuuzo yaingie humohumo, halafu jaza maji hadi kwenye alama. Maji yaliyopotea kwa mvuke hayana madhara, kwa sababu unajaza upya hadi alama. Kujaza myeyuko ukiwa bado wa moto ndiko kuna madhara, maana ukipoa unasinyaa chini ya alama na unakuwa mzito kuliko unavyodhani. Ukungu mweupe ukibaki chini ni vijazio vya kidonge visivyoyeyuka. Uache utuame, uvute wa juu.

Maji yawe yaliyokenekwa kweli. Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama visima vya mwambao wetu, hutoa maji yenye baikaboneti, nayo hula asidi. Maji yakiwa na milimoli 3 za baikaboneti kwa lita, mililita 200 ulizoongeza zitameza milimoli 0.6, na sifa hiyo itaandikwa kwa jina la kidonge: miligramu 12 za bure kwa kila kimoja. Kosa hili linaelekea upande wa pili, linakipa kidonge nguvu isiyo yake.

Pamoja na hiyo, andaa chupa ya pili isiyo na unga: asidi ileile mililita 50.0, ichemshwe vilevile, ijazwe hadi 250. Hiyo ndiyo inayokupa nguvu halisi ya sodiamu haidroksaidi, ambayo haiaminiki kwa kupimwa kwenye mizani, kwani vipande vyake hunyonya unyevu wa hewa ya pwani mbele ya macho yako.

Twende kwenye hesabu. Kutoka chupa isiyo na unga chukua mililita 10.0, ambazo zina milimoli 2.00 za asidi. Tuseme bureti imetumia mililita 20.2 za sodiamu haidroksaidi. Basi kila mililita yake ina milimoli 0.0990. Kutoka chupa ya kidonge chukua mililita 25.0, rudia mpaka upate masomo mawili au matatu yanayokubaliana ndani ya mililita 0.1. Tuseme yamekubaliana kwenye 25.6. Asidi iliyobaki humo ni 25.6 × 0.0990, yaani milimoli 2.535, na kwa chupa nzima ni mara kumi, 25.35. Uliweka 50.0, zimebaki 25.35, zilizomalizwa ni 24.65. Gawanya kwa vidonge viwili na nusu: milimoli 9.86 za asidi kwa kidonge kimoja, ambazo ni takriban miligramu 493 za kalsiamu kaboneti. Karatasi ilisema 500. Kidonge hakina hatia.

Sasa chukulia unga huohuo bila kuchemsha, bureti ikasoma 28.4. Hesabu ileile inakupa milimoli 8.75 kwa kidonge, sawa na miligramu 438. Kutoka 493 hadi 438 hakuna aliyeiba dawa. Kuna gesi tu iliyobaki majini. Mtu angeweza kuondoka na 438 yake akaharibu jina la muuza dawa mtaa mzima. Ukichemsha, ukarudia kwa unga mpya, na namba bado iko chini sana, peleka taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba pamoja na pakiti yenye namba ya toleo. Matokeo ya maabara ya shule ni sababu ya kuomba uchunguzi, si hukumu.

Soma pia viungo kwenye pakiti kabla ya yote. Nilichoeleza ni cha kalsiamu kaboneti. Kidonge chenye alumini haidroksaidi kitakusumbua kwenye fenolftalini: alumini iliyoyeyuka kwenye asidi hurudi kuwa haidroksaidi unapoongeza besi, ikatoa mashapo meupe kama uji mwepesi, na kazi yote iliyofanya inafutika kwenye hesabu yako. Kwa vidonge hivyo kikomo kinawekwa chini, kwenye pH 3.5. Ndivyo inavyofanya famakopia ya Marekani, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, kwa kipima pH na si kwa jicho, baada ya kukoroga kwenye nyuzi joto 37 kwa dakika 15. Kama shule haina kipima pH, bromofenoli bluu inageuka kati ya pH 3.0 na 4.6, kutoka njano kwenda bluu, na itakusogeza karibu vya kutosha. Andika kwenye ripoti umetumia kiashiria kipi, kwa sababu kwa kidonge cha alumini namba isiyo na jina la kiashiria chake haiwezi kulinganishwa na ya mtu mwingine.